Dakika saba za kwanza: historia iliyo ndani ya maneno ya kufungua sherehe ya diplome, kutoka Lovanium mpaka Rumangabo

Kila mwaka, majira ya kolasyo yakikaribia, kuna mtu katika kila promosyo anayeambiwa: "Wewe unajua kusema, utashika mikro." Anapewa karatasi ya programu, anakopa koti, anaenda kufungua sherehe. Karibu kila mara karatasi ile inamwambia nani atasema baada ya nani, lakini haimwambii yeye mwenyewe aseme nini katika dakika za kwanza. Basi anachukua maneno aliyosikia kwenye sherehe za zamani na kuyarudia.

Maneno yale yana historia, na si historia ndogo. Nani anasalimiwa kwanza, lugha gani inaongoza, na marehemu wanakumbukwa wapi: mambo haya matatu yameshaamuliwa na wafalme, na marais, na wanajeshi kabla yetu. Leo tuyapitie moja moja, halafu tuandike pamoja ufunguzi wa sherehe moja, na sherehe hiyo tuiweke Rumangabo. Nachagua Rumangabo kwa sababu pale makosa hayafichiki.

Kwa wasiopajua: Rumangabo iko kilomita kama 45 kaskazini ya Goma, kwenye barabara ya Rutshuru, katika chefferi ya Bwisha. Pale kuna vitu vitatu vinavyokaa karibu karibu. Kuna makao makuu ya parke ya Virunga, ile iliyoanzishwa tarehe 21 Aprili 1925 kwa jina la parke ya Albert. Kuna kambi kubwa ya jeshi, ambayo M23 waliikamata 2012, jeshi la serikali likairudisha Oktoba 2013, M23 wakaikamata tena 2022. Na kuna raia: wakulima, walimu, wafanyabiashara wa barabarani, na familia za walinzi wa parke. Ukifanya sherehe ya diplome pale, watu hao wote wanaweza kuwa chini ya hema moja. Mtu wa protokole akisema neno moja baya, haliishii kwenye hema.

Nani anasalimiwa kwanza

Neno kolasyo lenyewe limetoka kwenye Kilatini, na maana yake ni kukabidhi: chuo kinamkabidhi mtu grade yake. Lilifika kwetu pamoja na toga na kofia zake wakati Lovanium ilipofunguliwa 1954 pale Kimwenza, pembeni ya Leopoldville, chini ya mbawa za chuo cha Kikatoliki cha Leuven kule Ubelgiji. Umbo la sherehe lilikuwa la Leuven: maprofesa wanaingia kwa msafara, wakubwa wanakaa mbele, rekta anasema. Salamu zilianzia juu na kushuka, na wazazi walikuja mwisho, katika yale maneno "mabibi na mabwana". Mama ambaye aliuza muhogo miaka sita alikuwa ndani ya "mabibi".

Siku salamu ilipogeuzwa, nchi nzima ilisikia. Tarehe 30 Juni 1960, ndani ya Jumba la Taifa, mfalme Baudouin alihutubia, kisha rais Kasavubu akajibu kwa heshima zote za protokole. Halafu akasimama waziri mkuu Lumumba, ambaye hakuwa kwenye programu. Watu wengi wanakumbuka yale aliyosema katikati ya hotuba, kuhusu matusi na viboko. Lakini angalia alivyoanza. Hakuanza na mfalme aliyekaa mbele yake. Alianza na Wakongomani, wanaume na wanawake, wale waliopigania uhuru. Kabla ya kufika kwenye lawama yoyote, ameshasema sherehe ni ya nani. Mfalme alielewa sawa sawa kama wale waliokuwa wakisikiliza redio nje.

Miaka zaidi ya kumi baadaye salamu ikawa sheria. Oktoba 1971 nchi ikaitwa Zaire, na mwaka uliofuata, katika siasa ya kurudi kwenye asili, majina ya ubatizo yakaondolewa na maneno "bwana" na "bibi" ya Kifaransa yakazimwa. Kila mtu akawa "sitwayeni", yaani mwananchi. Jirani zetu wa Tanzania nao walikuwa na "ndugu" yao wakati wa ujamaa. Kwenye karatasi neno hilo lilimsawazisha rekta na mkulima. Lakini neno la usawa linalotolewa kwa amri halisawazishi sana: wote walikuwa sitwayeni, na mmoja alikuwa juu ya wote. Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alipotangaza mwisho wa chama kimoja, aliruhusu pia watu warudie tai na kuitana bwana na bibi. Mtu aliyefungua sherehe mwezi wa tatu mwaka ule, na akafungua nyingine mwezi wa sita, alibadilisha neno lake la kwanza. Wazee wanaokaa mstari wa mbele leo walipitia hayo, na sikio lao kwenye salamu ni kali kuliko letu.

Baada ya hapo orodha ikarefuka. Wakubwa waliongezeka: gavana, depite, administrata wa teritwari, wakubwa wa usalama, wakubwa wa dini, wafadhili. Kumtaja mmoja na kumwacha mwingine ikawa tusi. Ndiyo maana kukatokea ile njia ya kukata, "protokole yote imezingatiwa", ambayo Wakenya na Watanzania wanaisema "itifaki imezingatiwa". Ni njia nzuri, lakini ina hasara yake: inasalimia vyeo kwa pamoja na kuacha wasio na cheo nje ya sentensi kabisa. Mkulima hana protokole ya kuzingatiwa.

Kwa hiyo kwa Rumangabo mimi nageuza mpangilio, kidogo tu. Wazazi wasalimiwe kwanza, kwa sentensi mbili tatu, halafu wakubwa, kwa vyeo. Hakuna mkubwa anayeweza kukasirika kwamba wazazi walitajwa mbele, kwa sababu hata yeye ni mzazi. Lakini kama ukianza na koloneli kabla ya Mwami, au na Mwami kabla ya mwakilishi wa serikali, mtu ataandika hiyo kwenye daftari yake. Orodha ya wakubwa haitungwi na mshika mikro. Inaandikwa na komite, inasainiwa, na inafika mkononi mwake asubuhi ileile, kwa sababu jana haikujua nani atafika leo. Rumangabo imebadilisha mikono mara nyingi. Mshika mikro anayejaribu kubuni cheo cha mtu pale mbele anaweza kufanya siasa bila kujua, na wimbo wa taifa ni vilevile: komite ndiyo inaamua na kujibu.

Lugha gani inaongoza

Katiba ya 2006 inasema Kifaransa ni lugha rasmi, na Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba ni lugha za taifa. Hiyo ni karatasi. Chini ya hema la Rumangabo kuna lugha nne zinazofanya kazi, na kila moja ilifika kwa njia yake.

Kifaransa kilikuja na ofisi na shule, na mpaka leo maamuzi ya juri yanasomwa kwa Kifaransa. Lingala ilikuja na jeshi, tangu zamani za Forsi Pibliki, na kwa watu wetu wengi bado inanuka kambi: mzee akisikia Lingala kwenye mikro, kwanza anaangalia nani amebeba bunduki. Kinyabwisha ndiyo lugha ya nyumbani ya wengi pale. Na Kiswahili kilifika Kongo katika karne ya 19 na misafara iliyotoka pwani mpaka Kasongo na Nyangwe kwenye mto Lualaba, halafu serikali ya kikoloni, misheni na mashamba makubwa vikakisambaza huku kwetu. Kwa sababu si lugha ya ukoo wowote wa Bwisha, kimekuwa lugha ambayo Muhutu, Munande, Muhunde, Mututsi na Mushi wanaweza kukaa ndani yake bila mmoja kuwa mgeni wa mwingine.

Kosa linalofanyika mara nyingi ni kufungua kwa Kifaransa, halafu kutafsiri kila sentensi. Linaonekana kama heshima kwa wote, lakini linavunja sherehe kwa namna mbili. Kwanza muda unakuwa mara mbili: ufunguzi wa dakika saba unakuwa wa kumi na nne, na jua linapanda. Pili, wale wanaojua lugha zote mbili, ndio walio wengi mbele, wanaacha kusikiliza kwa sababu kila kitu wanakisikia mara mbili. Unajuaje kwamba umewapoteza? Angalia kicheko. Ukitania na mbele wakacheka mara moja, nyuma wakacheka sekunde tano baadaye, kuna watu wanaotafsiriana kwa sauti ya chini, na wewe unaongoza sherehe mbili. Ukiona vichwa vimegeukia upande, akina mama wanamuuliza kijana "amesema nini?", usiongeze sauti. Punguza mwendo, na ubadilishe lugha.

Dawa ni kugawa kazi badala ya kutafsiri. Kiswahili kibebe sherehe: karibu, maelekezo, pole, furaha. Kifaransa kibebe kile ambacho lazima kiwe cha Kifaransa: majina ya diplome, vyeo vya watu jinsi vilivyoandikwa, uamuzi wa juri. Kwa wale ambao Kiswahili kinawapita, wawekwe vijana wawili wenye alama inayoonekana, wakae nao, wawaelezee kwa Kinyabwisha. Na jambo hili litangazwe mwanzoni kabisa, mara moja. Mtu akijua lugha zitakavyokwenda anatulia, hata kwa sehemu asiyoisikia.

Kuhusu mwendo: kwenye mikro ya nje, yenye grupe ya umeme inayonguruma nyuma ya hema, maneno 90 kwa dakika yanatosha. Sisi tukiwa na woga tunaenda 140. Njia rahisi ya kujirekebisha ni kuandika ufunguzi wote kwa sentensi fupi, kila moja kwenye mstari wake, na kuvuta pumzi kila mstari unapoisha. Usijipime ndani ya nyumba. Jipime nje, na mtu asimame mita thelathini, akuambie neno la mwisho la kila sentensi. Kiswahili kinaweka uzito karibu na mwisho wa neno, lakini sisi tunameza mwisho wa sentensi. Pale ndipo jina la mtu linapotea.

Marehemu wanakaa wapi

Hili ndilo gumu zaidi. Tarehe 24 Aprili 2020, karibu na makao makuu ya parke pale Rumangabo, watu wenye silaha walishambulia. Walikufa walinzi 12 wa parke, dereva mmoja, na raia wanne. Katika miaka ya vita parke imepoteza walinzi zaidi ya 200. Katika sehemu kama hiyo huwezi kuleta vijana wa toga mbele ya watu na kujifanya hakuna kiti kilicho wazi. Kuna finalisti ambaye baba yake alikuwa alipe sehemu ya mwisho ya minerval, na hayupo.

Desturi ya kusimama kimya ina asili ya Afrika, na wengi hawajui. Mei 1918, wakati vita vya kwanza vya dunia bado vinaendelea, meya wa Cape Town, Harry Hands, aliomba mji wote unyamaze kila siku baada ya mzinga wa saa sita mchana. Magari yakasimama, watu wakasimama. Percy Fitzpatrick, ambaye mtoto wake alikufa vitani, akapeleka wazo hilo London, na tarehe 11 Novemba 1919 mfalme George wa Tano akaomba milki yake yote inyamaze dakika mbili. Kutoka pale desturi ikatembea dunia nzima, ikafika kwetu ikawa dakika moja.

Uzuri wa kimya ni kwamba hakina lugha wala dini. Ubaya wake ni kwamba sentensi inayokitangulia ina vyote viwili, na siasa juu yake. Historia ya vyuo vyetu inajua hilo. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa Lovanium waliandamana Kinshasa, askari wakawapiga risasi, wengi wakafa. Tarehe 4 Juni 1971 wenzao walipotaka kuwakumbuka, Mobutu alifunga chuo na kuwapeleka wanafunzi jeshini kwa nguvu. Agosti mwaka uleule Lovanium na vyuo vya Lubumbashi na Kisangani vikaunganishwa kuwa chuo kimoja cha taifa. Kwa hiyo mwanafunzi anayesimama mbele ya watu na kusema "tuwakumbuke wenzetu" anafanya kitendo ambacho katika nchi hii kilishakuwa na bei.

Basi sentensi ile iandikwe, isibuniwe. Kwa Rumangabo ina sheria tatu. Ya kwanza: isitaje aliyeua. Kazi hiyo ni ya sheria, na chini ya hema lile kuna watu ambao ndugu zao walikuwa pande tofauti. Ya pili: isiache mtu. Ukisema "walinzi wetu waliokufa 2020", mke wa dereva yupo, na familia nne za raia ziko. Umewaambia kwamba wafu wao si wafu wa sherehe. Ya tatu: usisome majina mpaka familia zenyewe zimekubali, zote, maana jina moja linalosahaulika linauma kuliko yote kutotajwa.

Na kimya kiwe dakika kweli. Angalia saa. Mshika mikro ambaye hakuangalia saa anakikata sekunde ya ishirini, kwa sababu kwake imekuwa ndefu. Kwa mama aliyefiwa, sekunde ishirini ni kama kumpigia mlango na kukimbia.

Mahali pake ni baada ya wimbo wa taifa, kama komite imeuweka, watu wakiwa bado wamesimama. Wazee na akina mama wenye watoto mgongoni wanasimama mara moja tu. Ukikiweka baadaye, baada ya mapokezi ya wahitimu, utakata vigelegele kwa kilio. Ukikiweka kabla ya salamu, watu hawajafika bado rohoni. Nusu wanatafuta viti.

Ufunguzi wenyewe

Tuseme ni wahitimu 60, watu kama 400, hema tatu, mikro moja na grupe moja. Maneno haya ni ya kusemwa, kwa hiyo nayaandika kama tunavyosema.

Kwanza, karibu. Sauti ya chini, kama mtu anayefungulia wageni mlango. Usianze na "halo, halo, mnanisikia?" Mikro ijaribiwe kabla watu hawajaingia. Dakika moja.

"Baba zetu, mama zetu, karibuni. Mumetoka mbali, wengine kwa pikipiki, wengine kwa miguu. Watoto tunaowaita leo ni watoto wenu. Kwa hiyo sherehe ni yenu mbele ya kuwa yetu."

Simama hapo sekunde tatu. Usiombe makofi. Yakija, yaache yaishe yenyewe.

Pili, wakubwa. Sauti ipande kidogo, mwendo uwe sawa kwa kila jina. Watu wanasikia ukimharakisha mmoja na kumvuta mwingine. Dakika moja na nusu.

"Tunasalimia wakubwa walio pamoja nasi." Halafu orodha ya komite, kila mmoja kwa cheo chake: mwakilishi wa utawala, Mwami ao mwakilishi wake, wakubwa wa usalama, wakubwa wa parke, wakubwa wa dini, wakubwa wa chuo. "Na mwingine yeyote mwenye hatukutaja, apokee salamu kwa cheo na heshima yake."

Sentensi ile ya mwisho inafanya kazi ya "protokole imezingatiwa", lakini haimwachi mtu nje.

Tatu, lugha. Sema kama mtu anayetoa habari ya basi, bila madoido. Nusu dakika.

"Leo tutasema Kiswahili. Kifaransa kitakuja wakati wa kusoma diplome na uamuzi wa juri. Mama ao baba mwenye anataka kuelezewa kwa Kinyabwisha, pale kati kuna vijana wawili wenye kitambaa cha kijani. Watakaa naye."

Nne, kusimama. Wimbo ukiwepo, tangaza kwa sentensi moja na urudi nyuma hatua mbili, maana mikro ikikaa mdomoni utasikika unaimba peke yako. Dakika mbili.

Tano, kimya. Wimbo ukiisha, hesabu mpaka tano kabla ya kusema.

"Tubaki wamesimama. Kuna wenye walipenda kuwa hapa leo na hawako. Walinzi, askari, raia. Baba, mama, mtoto. Wa nyumba hii na wa nyumba ile. Tunyamaze dakika moja kwa wote."

Saa mkononi. Kama grupe inaweza kuzimwa, mtu awe pale azime. Kimya chenye mashine inayonguruma kinakuwa kungoja tu. Ikiisha: "Asanteni. Tukae." Basi, maneno mawili. Usiongeze mstari wa Biblia wala wa Korani. Kiongozi wa dini ana nafasi yake kwenye programu.

Sita, kupanda kutoka chini. Hapa ndipo wengi tunaanguka: kutoka kimya tunaruka moja kwa moja kwa "Makofi!" Mtu aliyetoka kufuta machozi hawezi kuruka hivyo. Unampandisha kwa ngazi. Sentensi ya kwanza iwe bado chini, ya pili ya kawaida, ya tatu ndiyo ya furaha. Dakika moja.

"Wale waliotutoka walipenda tusome. Tumesoma. Vijana wanaoingia sasa ni 60, na walianza wakiwa wengi kuliko hapo."

"Mama, najua pudre muko nayo ndani ya saki. Tunawaomba kitu kimoja: muingoje. Kila mtoto jina lake litasomwa, na mulisikie vizuri. Yule wa mwisho akishapokea, mimi mwenyewe nitasema 'pudre!', na hapo hakuna mwenye atawazuia."

Watacheka, wote kwa wakati mmoja, kama kazi ya lugha umeifanya vizuri. Kicheko hicho ndicho kipimo chako. Halafu sauti ipande kabisa:

"Musimame, muwapokee!"

Msafara unaingia, na wewe unanyamaza. Ukijumlisha ni dakika saba, na maneno yako mwenyewe ni kama dakika nne.

Ombi la pudre si utani tu. Kwenye sherehe nyingi majina kumi ya kwanza yanasikika, halafu vigelegele na unga mweupe vinafunika yote yanayofuata, na anayeanza na herufi za mwisho anapokea diplome yake bila mtu kusikia jina lake. Kwa familia ambayo mtoto huyo ni wa kwanza kufika hapo, sauti ya jina lake kwenye mikro ndiyo sherehe yenyewe. Kuahidi wakati wa pudre kunafanya kazi kuliko kukataza, kwa sababu mama anayeahidiwa anangoja, na mama anayekatazwa anaanza.

Kitu kimoja cha mwisho kwa atakayeshika mikro mwaka huu. Andika karatasi mbili, mpe mwenzako moja. Grupe ikizimika katikati ya orodha ya wakubwa, usipige kelele na usirudi mwanzo. Ngoja umeme, halafu endelea na jina lililofuata. Ukirudi mwanzo, wa kwanza wanasalimiwa mara mbili, na yule uliyekatikia kwake anabaki akijiuliza kama alisalimiwa.